Wakala au mwagizaji? Kusoma ripoti ya madai ya waranti kabla ya kuagiza runinga tena

Duka la vifaa vya umeme linalouza runinga za inchi 32 mara nyingi hununua kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakala rasmi wa chapa. Bei yake iko juu, lakini ana karakana yake na anapokea runinga mbovu kwa miezi kumi na miwili tangu mteja aliponunua. Wa pili ni mwagizaji anayeleta mzigo kwa kontena kutoka China. Yeye anauza kwa bei ya chini na hapokei kitu kikisharudi. Badala ya waranti anakuongezea runinga za akiba bure, kwa kawaida moja au mbili kwa kila mia, na kuanzia hapo ubovu wote ni wako. Wote wawili wanaweza kufaa. Cha kuamua ni kiwango cha ubovu, na kiwango hicho kikihesabiwa vibaya kinaweza kukuonyesha kinyume kabisa cha hali ilivyo.

Tuwalinganishe kwa mfano mmoja. Takwimu ni za mfano tu, zimepangwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi, na ripoti inafungwa tarehe 30 Juni 2025. Duka limeuza runinga za wakala 50 kila mwezi tangu Julai 2024, jumla 600. Za mwagizaji zilianza Januari 2025: 40 kwa mwezi hadi Machi, kisha 80 Aprili, 100 Mei na 100 Juni, jumla 400. Katika kipindi hicho wateja wamerudisha runinga 36 za wakala na 21 za mwagizaji.

Ripoti ambayo maduka mengi huandaa inagawanya madai kwa mauzo. Wakala anapata 36 kwa 600, yaani asilimia 6. Mwagizaji anapata 21 kwa 400, yaani asilimia 5.3. Mwagizaji ana bei nafuu na, kwa ripoti hii, ubovu wake ni mdogo kidogo. Mwenye duka akiishia hapo ataongeza oda kwa mwagizaji, na atakuwa ameamua kwa namba isiyosema kitu.

Kosa lake liko kwenye umri wa runinga. Runinga iliyouzwa Julai 2024 imekaa sebuleni karibu mwaka mzima, imepitia mvua, umeme kukatika na kurudi, na saa nyingi za kuwaka. Iliyouzwa wiki ya mwisho ya Juni pengine bado ina nailoni kwenye fremu. Nusu ya runinga za mwagizaji zimeuzwa Mei na Juni, kwa hiyo hazijapata hata nafasi ya kuharibika, lakini zote zimeingia kwenye mauzo tunayogawanyia. Kadiri mauzo ya msambazaji mpya yanavyopanda kwa kasi, ndivyo asilimia yake inavyoonekana nzuri, hata kama bidhaa yake ni mbovu. Na akipunguza mauzo, mambo hugeuka: madai ya runinga za zamani yanaendelea kuja huku mauzo mapya yakiwa machache, na asilimia inapanda bila kitu chochote kuharibika zaidi ya kawaida.

Dawa yake ni kulinganisha runinga za umri mmoja. Chagua dirisha, tuseme miezi mitatu tangu siku ya kuuzwa. Hesabu runinga ambazo zimeshatimiza miezi hiyo mitatu peke yake, halafu hesabu ni ngapi kati ya hizo zilirudi ndani ya miezi yake mitatu ya mwanzo. Runinga iliyouzwa Aprili au baadaye inawekwa kando hata kama imerudi, na iliyouzwa Agosti ikarudi Februari nayo haiingii, kwa sababu ilirudi nje ya dirisha.

Katika mfano wetu, zilizouzwa hadi 31 Machi ni 450 za wakala na 120 za mwagizaji. Zilizorudi ndani ya dirisha ni 13 za wakala, sawa na asilimia 2.9, na 9 za mwagizaji, sawa na asilimia 7.5. Mwagizaji aliyeonekana bora kidogo sasa ana madai zaidi ya mara mbili ya wakala.

Kwenye Excel kazi hii inahitaji kurasa mbili. Ukurasa wa `Mauzo` una mstari mmoja kwa kila runinga: namba ya mfululizo iliyobandikwa mgongoni, bidhaa, msambazaji, tarehe ya kuuzwa, tawi na namba ya mzigo iliyokuja nao. Ukurasa wa `Madai` unarudia safu nne za mwanzo kwa mpangilio uleule, kisha tarehe ya dai kwenye safu E, namba ya mzigo kwenye F, umri kwa miezi kwenye G na uamuzi wa fundi kwenye H. Umri, mauzo yaliyotimiza dirisha na madai yaliyo ndani ya dirisha vinapatikana hivi:

```
=DATEDIF(D2,E2,"m")
=COUNTIFS(Mauzo!C:C,"Wakala",Mauzo!D:D,"<="&DATE(2025,3,31))
=COUNTIFS(Madai!C:C,"Wakala",Madai!D:D,"<="&DATE(2025,3,31),Madai!G:G,"<3")
```

Tarehe ya kuuzwa ichukuliwe kwenye risiti kwa kufuata namba ya mfululizo. Isichukuliwe kwenye maneno ya mteja, wala kwenye kadi ya waranti iliyojazwa kwa kalamu. Kuna mtego mwingine hapa unaoharibu ripoti nyingi. Mteja anapobadilishiwa runinga, mtunza stoo huitoa mpya kama mauzo ya kawaida. Runinga moja iliyonunuliwa inageuka mauzo mawili, na msambazaji mwenye ubovu mwingi ndiye anayeongezewa mauzo bandia. Mabadilisho yawe na alama yake kwenye mfumo, na yasihesabiwe kwenye mauzo.

Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, yatenganishe madai kwa sababu zake. Dai ni mteja kurudi dukani, na kurudi kwake hakuthibitishi kwamba kifaa kina kasoro ya kiwandani. Fundi anatakiwa kuandika herufi moja kati ya tatu kwenye safu H: U kwa ubovu wa kifaa, M kwa madhara yaliyotoka nje kama umeme, maji au kuanguka, na S kwa runinga isiyo na tatizo. Kundi la mwisho huwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. King'amuzi kimechomekwa HDMI 2 na runinga imeachwa HDMI 1. Betri za rimoti zimekwisha. Antena imeelekezwa vibaya. Madai ya aina hii yanakula muda wa kaunta na ni vizuri kuyahesabu, lakini yanamhusu muuzaji aliyemkabidhi mteja bila kumwelekeza. Hayamhusu aliyetengeneza runinga.

Kati ya U na M ndipo ugomvi na msambazaji huzaliwa, hivyo ushahidi uandikwe siku ileile runinga inapofunguliwa. Umeme uliopanda ghafla huacha alama kwenye bodi ya umeme. Fyuzi inakuwa imekatika na kioo chake kimeingia weusi, na varista, kile kisahani kidogo cha rangi kilichokaa karibu na mlango wa umeme, kimepasuka au kuungua. Radi iliyopitia waya wa antena huua sehemu ya kupokea chaneli huku HDMI mara nyingine ikiendelea kufanya kazi. Ukikuta alama hizo andika M na upige picha. Ukikuta fyuzi nzima, varista nzima na kapasita iliyovimba kichwa kwenye runinga ya miezi miwili, hiyo ni U, na msambazaji asikubaliwe kuisingizia umeme wa mtaani.

Kasoro inayostahili safu yake peke yake kwenye runinga za inchi 32 ni ya taa za nyuma ya kioo, ambazo mafundi huziita baklaiti. Dalili yake haina utata: sauti ipo, chaneli zinabadilika, lakini kioo ni cheusi. Mulika tochi kwa kuilaza karibu na kioo gizani. Ukiona picha hafifu ikitembea, basi kioo na bodi kuu ni vizima na taa ndizo zimekufa au hazipati umeme. Taa hizo za LED zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo balbu moja ikikatika njia ya umeme inakatika na taa zote zinazimika. Sababu ya kawaida kwenye runinga za bei ya chini ni kwamba zimesukumiwa mkondo mkubwa ili picha ing'ae sana dukani. Joto linazidi, na balbu dhaifu zinaungua mapema. Wakati mwingine haziungui, ila vifuniko vya plastiki vinavyotawanya mwanga vinabanduka gundi, na mteja anakuja akilalamika madoa meupe ya duara kwenye picha. Vyote viwili ni U.

Baada ya fundi kuweka herufi zake, yale madai 13 ya wakala yanagawanyika hivi: 7 ni ubovu, 2 ni madhara ya umeme na 4 hazikuwa na tatizo. Ya mwagizaji 9 yanabaki 8 ya ubovu na 1 isiyo na tatizo. Na katika ubovu 8 wa mwagizaji, 6 ni baklaiti.

| Kipimo (dirisha la miezi 3) | Wakala | Mwagizaji |
|---|---|---|
| Runinga zilizotimiza dirisha | 450 | 120 |
| Madai yote | 13 (2.9%) | 9 (7.5%) |
| Ubovu uliothibitishwa | 7 (1.6%) | 8 (6.7%) |
| Kati yake, baklaiti | 1 | 6 |
| Bei ya kununulia | Sh 300,000 | Sh 270,000 |
| Nani analipia ubovu | Wakala, miezi 12 | Duka, ukitoa akiba ya 2 kwa 100 |

Kuna atakayesema runinga 8 ni chache mno kumhukumu mtu. Swali hilo ni la haki, na linajibika bila hesabu ngumu. Chukua kiwango cha wakala ukiulize: kama za mwagizaji zingekuwa na ubora uleule, tungetarajia mbovu ngapi katika 120? Asilimia 1.6 ya 120 ni karibu 2. Tumepata 8. Lakini zile 7 za wakala nazo zingeweza kuwa zimepungua kwa bahati, basi tumpe mwagizaji nafuu. Idadi ndogo ya matukio huyumba kwa takriban mara mbili ya kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 7 ni kama 2.6, hivyo 7 ingeweza kufika 12 bila kitu chochote kubadilika. Kumi na mbili katika 450 ni asilimia 2.7, na kwa kiwango hicho tungetarajia 3 katika 120. Hata kwa nafuu hiyo, 8 iko mbali. Tofauti ni ya kweli.

Linganisha na safu ya pasi kwenye ripoti hiyohiyo, ambako msambazaji fulani ameuza 20 na moja imerudi. Asilimia 5 inaonekana ya kutisha ikipakwa rangi nyekundu, lakini ni pasi moja. Na aliyeuza 60 bila hata moja kurudi hajathibitisha kwamba ubovu wake ni sifuri. Ukipata sifuri, gawanya 3 kwa idadi uliyouza: 3 kwa 60 ni asilimia 5, na ubovu wake halisi unaweza kufika hapo. Kwa hiyo idadi ikae pembeni mwa kila asilimia kwenye ripoti, na rangi nyekundu isiwekwe kwa bidhaa yenye matukio pungufu ya matano.

Usichanganye bidhaa pia. Asilimia moja ya msambazaji kwa bidhaa zake zote haifai kulinganishia, kwa sababu anayeuza runinga na spika za bluetooth ataonekana mbovu kuliko anayeuza nyaya na soketi za ukutani, hata kama runinga zake ndizo bora sokoni. Ulinganisho ufanyike ndani ya bidhaa moja na ukubwa mmoja, na ikiwezekana ndani ya tawi moja, maana tawi lililo kwenye eneo la umeme unaoyumba litamwongezea madai yeyote ambaye mzigo wake umepelekwa huko.

Mpaka hapa mwagizaji ameshindwa. Ila ripoti ina safu moja bado haijaguswa, ile ya namba ya mzigo, nayo ndiyo inayobadilisha uamuzi. Runinga zile 120 zilikuja kwa mizigo miwili: 70 kutoka mzigo wa kwanza na 50 kutoka wa pili. Ukizigawa zile mbovu 8, moja tu ni ya mzigo wa kwanza na 7 ni za wa pili. Mzigo wa kwanza una asilimia 1.4, karibu sawa na wakala. Wa pili una asilimia 14, na baklaiti zote 6 zimo humo.

Hapo inaonekana kwamba mzigo mmoja umetoka na vipande tofauti. Viwanda vinavyotengenezea wenye chapa nyingi hubadilisha ukanda wa LED au bodi ya umeme kati ya oda moja na nyingine bila kubadilisha jina la modeli wala boksi. Kuthibitisha, fungua runinga moja nzima ya kila mzigo na usome namba iliyochapwa kwenye ukanda wa LED na kwenye bodi. Namba zikitofautiana huku stika ya nyuma ikisema modeli ileile, umepata chanzo. Picha mbili za namba hizo zinatosha kumweka mwagizaji mezani.

Sasa pesa. Kwa kila runinga 100, bei ya mwagizaji inakuokolea Sh 3,000,000. Tuseme kila inayorudi inagharimu Sh 15,000 za usafiri na kazi ya kaunta, na mteja anapewa mpya. Kwa wakala gharama yako inaishia kwenye hizo 15,000. Kwa mwendo wake wa 1.6 kila miezi mitatu, mbovu ni kama 6 kwa mwaka, yaani Sh 90,000. Kwa mwagizaji kila mbovu ni Sh 285,000, isipokuwa mbili za akiba ambazo unaokoa bei yake, Sh 540,000. Jumlisha unachookoa kwa bei, thamani ya akiba, na zile 90,000 ambazo ungezitumia kwa wakala: Sh 3,630,000. Gawanya kwa 285,000 unapata 12.7. Maana yake mwagizaji anabaki nafuu mpaka mbovu zifike 12 katika 100 kwa mwaka mzima. Zikifika 13, faida ya bei imekwisha.

Mzigo wa kwanza, wenye 1.4 kwa miezi mitatu, una nafasi kubwa ya kubaki chini ya mstari huo wa mbovu 12 hadi mwaka uishe. Wa pili umeuvuka mstari kabla ya robo ya mwaka kuisha. Na ukimchukua mwagizaji kwa wastani wake wa 6.7, akiendelea na mwendo huo, atauvuka kabla ya mwezi wa saba. Angalia pia kwamba hesabu hii imechukulia kubadilisha runinga nzima. Ukiwa na fundi wa kuaminika na ukanda wa LED unaofaa modeli hiyo, matengenezo ya baklaiti hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya runinga mpya, na mstari unasogea juu sana. Tatizo ni upatikanaji: ukanda wa mzigo wa kwanza unaweza usikae kwenye runinga ya mzigo wa pili, kwa idadi ya balbu au kwa volti zake. Kwa hiyo akiba bora kutoka kwa mwagizaji ni jozi kumi za ukanda na bodi tatu za umeme za mzigo uleule, kuliko runinga mbili nzima.

Kwa duka lisilo na fundi, au lenye matawi ya mbali ambako kila kurudisha ni safari ya basi, abaki wakala. Lile lenye fundi na mtaji wa kusubiri linaweza kuendelea na mwagizaji, kwa masharti. Kila runinga iandikwe namba ya mzigo siku inapoingia stoo. Mwagizaji akubali kwa maandishi kwamba mzigo ukizidi mbovu 5 kwa 100 ndani ya miezi mitatu, anarudisha thamani ya zinazozidi kwenye oda inayofuata. Runinga za mzigo wa pili zilizobaki stoo zisimamishwe leo. Zisiuzwe kwa punguzo, kwa sababu punguzo haliondoi dai litakalokuja Septemba.

Mzigo wa tatu, ambao ndio umeuzwa Aprili hadi Juni, bado hauna jibu. Zile 80 za Aprili zitatimiza miezi mitatu mwisho wa Julai. Kwa kiwango cha wakala zingetoa mbovu moja hivi. Zikitoka moja au mbili, oda ya Agosti inaweza kwenda kwa mwagizaji. Zikifika nne, au zikitoka tatu na zote zikawa za baklaiti, oda iende kwa wakala, na kabla ya kumpigia mwagizaji fungua runinga moja ya mzigo huo usome namba ya ukanda wake.